Nusu ya picha kwa bei gani?

Monita ya dukani kwangu ilianza kusumbua asubuhi za baridi. Ni monita ya inchi 22, mtumba, niliyoinunua Kariakoo kwa shilingi 150,000, na kazi yake ni kuonyesha barua, wasifu wa waomba kazi na picha za pasipoti kabla hazijachapwa. Nikiiwasha, sehemu ya chini ya kioo hujaa mikanda ya mlalo, maandishi yanavutika kama rangi iliyomwagiwa maji. Baada ya nusu saa, kioo kikishapata joto, picha inatulia na mteja hajui kama kulikuwa na shida. Wiki ya tatu haikutulia tena.

Niliwauliza mafundi wawili, nikapata majibu mawili. Wa kwanza hakuigusa hata kidogo: "Utepe huo, bosi. Elfu ishirini, jioni unachukua." Wa pili alitaka kuniuzia bodi mpya kwa 65,000 pamoja na kuifunga. Wote wawili walisema kwa uhakika, na hapo ndipo nilipoona kwamba kabla ya kulinganisha bei inabidi nijue ni utepe upi unaozungumzwa, kwa sababu ndani ya monita kuna tepe za aina mbili zisizofanana hata kidogo, si kwa kazi wala kwa gharama.

Utepe wa kwanza ni ule unaotoka kwenye bodi kuu, yaani bodi yenye matundu ya HDMI na VGA, kwenda mgongoni mwa kioo. Mara nyingi ni fungu la nyaya nyembamba au ukanda bapa mweupe wenye njia 30. Unachomolewa na kuchomekwa kwa mkono. Ukilegea au ukishika kutu, unausafisha, unaurudisha, kazi imekwisha. Utepe wa pili hauchomolewi. Ni vipande vifupi vya filamu ya rangi ya kahawia vilivyogandishwa kwenye ukingo wa kioo chenyewe, kila kimoja kikiwa kimebeba chipu ndogo nyeusi mgongoni. Vya upande wa juu au chini huendesha safu za wima; vya pembeni huendesha mistari ya mlalo. Vimeshikishwa kiwandani kwa gundi yenye chembe ndogo mno zinazopitisha umeme, kwa joto na mgandamizo, chini ya darubini. Hakuna soketi hapo, wala risasi ya kuchomelea.

Fundi akisema "utepe" bila kusema upi, ametaja kazi ya dakika 20 na kazi ya mashine maalumu kwa neno moja.

Habari njema ni kwamba mikanda yenyewe hutoa siri, na huhitaji kufungua kitu ili uisome. Utepe wa kwanza hubeba picha nzima kwa pamoja. Ukiharibika, ubaya hutapakaa kioo kizima: rangi zinageuka, kunatokea chenga, picha inakuwa kama negativu ya zamani, au kioo kinabaki cheupe kabisa. Ni nadra sana utepe huo ukachagua kipande kimoja cha kioo na kukiacha kingine kikiwa safi. Lakini kila chipu ya ukingoni ina eneo lake, na likiharibika eneo hilo, mpaka wake huwa umenyooka kama uliopigwa rula.

Basi nikachukua rula. Kioo cha monita hizi zinazoitwa inchi 22, kwa kweli inchi 21.5, kina urefu wa kwenda juu wa sentimita 26.8 hivi, na mistari 1080. Mikanda yangu ilikuwa imekaa sehemu ya chini tu, na mpaka wake ulikuwa sentimita 6 na milimita 7 kutoka ukingo wa chini. Zidisha mara nne, unarudi kwenye 26.8. Robo kamili, mistari 270. Hesabu ya namna hiyo haitokei kwa bahati: upande wa kioo una chipu nne, na ya mwisho ndiyo yenye maradhi. Chipu hizo hupokezana kazi kama watu wanaopokezana ndoo za maji kwenye moto. Wa tatu akiidondosha, wa nne hapati kitu. Ndiyo maana wengine huona nusu nzima ya chini imeharibika ilhali chipu iliyokufa ni moja tu, ile iliyo katikati ya mstari.

Kama mikanda yako ni ya wima, pima kwa upana. Kioo hichohicho kina sentimita 47.6, na kikiwa na chipu sita za safu, kila moja inashika karibu sentimita 8. Namba ya chipu hutofautiana kati ya kioo na kioo, lakini ukipata sehemu inayogawanyika sawasawa, sita au nne au tatu, umeshaelekezwa kwenye ukingo wa kioo.

Kipimo cha pili ni cha kuitoa kompyuta kwenye lawama. Chomoa waya wa picha huku monita inawaka. Nyingi huonyesha kijisanduku kilichoandikwa No Signal, na kwa baadhi kijisanduku hicho hutembea polepole kioo kizima. Kikipita kwenye eneo la mikanda nacho kikakatika, kompyuta, waya na kadi ya picha havina kosa, kwa sababu kijisanduku hicho hutengenezwa na bodi ya monita yenyewe. Kama kwako hakitembei, fungua menyu ya monita, tafuta mahali pa kusogeza menyu, uishushe mpaka ifike penye ubaya. Hiki ni kipimo cha bure, na sijawahi kumwona fundi akikifanya mbele ya mteja. Kinyume chake kipo pia: menyu ikionekana safi juu ya picha iliyoharibika, funga mkoba wako, anza na waya wa HDMI.

Cha tatu ni kidole. Nilibonyeza kwa upole fremu ya pembeni kushoto, karibu na chini. Mikanda ikatoweka. Nikaachia, ikarudi. Kubonyeza kukibadilisha picha, gundi ya filamu imeachia au njia zake zimepata ufa. Joto hufanya vilevile, na ndiyo sababu ya zile asubuhi za baridi. Usibonyeze katikati ya kioo, wala usirudie mara ishirini kama mimi nilivyojikuta nikifanya.

Hata hivyo niliifungua, kwa sababu kuhakikisha hakukunigharimu kitu zaidi ya muda. Yangu hutumia adapta ya nje, kwa hiyo ndani hamna umeme mkubwa. Kama yako inachomekwa moja kwa moja ukutani, kumbuka kwamba umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani unafika volti 325 hivi, na kapasita kubwa ya bodi ya umeme inaweza kuuhifadhi baada ya kuchomoa. Mtu asiyezoea aiache hiyo kwa fundi. Yangu nilitoa skrubu za stendi, nikapitisha kadi ya zamani ya benki kwenye mwanya wa fremu mpaka klipu zikaachia, nikailaza kioo chini juu ya taulo. Kabla ya kugusa utepe wa picha angalia kama soketi ina kifuniko cha kuinua au masikio mawili ya kubana; ukivuta kwa nguvu bila kuyaachia, unang'oa soketi na umeongeza ugonjwa wa pili. Nilisafisha meno yake kwa alkoholi, nikasubiri ikauke, nikaurudisha ukiwa umenyooka. Nikawasha. Mikanda palepale, sentimita 6 na milimita 7. Pembeni kushoto kulikuwa na vile vipande vinne vya kahawia, na cha chini kabisa kilikuwa na ukungu wa kijani kwenye mshono wake na kioo. Unyevu wa Dar, pengine, au maji ya mtu aliyekifuta kioo kwa kitambaa kilicholoa. Maji yakimiminika kwenye kioo huishia kwenye fremu ya chini, na hapo ndipo pembe ya filamu ilipo.

Fundi wa elfu ishirini angefanya haya niliyoyafanya, angeona picha imetulia kwa muda, angenikabidhi jioni. Sisemi ni mwongo. Huenda angeamini ameiponya.

Na wakati mwingine ni kweli ameiponya. Mwezi huohuo jirani yangu mwenye saluni alikuwa na televisheni ya inchi 32 anayoitumia kama monita ya kuonyesha mitindo ya nywele, na nusu yote ya kulia ilikuwa nyeusi. Nikadhani ni yaleyale. Tofauti ni ukubwa. Kwenye vioo vingi vikubwa kuna bodi ndogo ya katikati inayogawa picha, mafundi huiita tikoni, na kutoka kwake hutoka tepe mbili bapa, pana, za kuchomeka: moja kwenda nusu ya kushoto na nyingine nusu ya kulia. Moja ikilegea, unapoteza nusu kamili, na mpaka unakaa katikati kabisa. Fundi alipofungua alikuta utepe wa kulia umekaa mshazari kwenye soketi, na meno yake yamepata utando, nadhani wa dawa za nywele na mvuke. Akainua kifuniko cha soketi, akautoa, akaufuta, akaurudisha akihakikisha ule mstari wa buluu wa ukingoni uko sambamba na soketi pande zote mbili, akafunga. Elfu ishirini, na mpaka leo inafanya kazi.

Kwa hiyo kama una kioo kikubwa na umepoteza nusu ya kushoto au ya kulia, kumlipa fundi afungue ni fedha yenye nafasi nzuri ya kurudi. Kama una monita ndogo yenye mikanda ya mlalo, nafasi hiyo ni finyu. Monita nyingi za inchi 22 hazina tepe mbili za kuchomeka. Bodi ya kugawa picha imeunganishwa na kioo chenyewe. Na vioo vingi vya karibuni havina hata zile chipu za pembeni: mzunguko wa kuendesha mistari ya mlalo umechorwa juu ya kioo, hamna cha kuchomoa wala cha kubandika upya.

Sasa bei. Hizi ndizo nilizotajiwa mimi kwa ile inchi 22, na zinabadilika mtaa kwa mtaa, ila uwiano wake ndio wa kuangalia.

Bodi ya 65,000 niliikataa mara moja. Hizi bodi za kufunga kwenye kioo chochote zina kazi yake: monita isiyowaka picha kabisa, tundu la HDMI lililokufa, menyu isiyoitika. Haziwezi kugusa filamu iliyogandishwa kwenye kioo. Mbaya zaidi, zina kijumpa cha kuchagua umeme wa kioo, volti 3.3, 5 au 12, na ukikiweka pasipo pake unaunguza kioo ambacho robo tatu yake ilikuwa nzima. Ukishafanya kipimo cha menyu na menyu yenyewe ikaonekana imekatwa na mikanda yenye mpaka wa rula, yeyote anayekuuzia bodi anakuuzia kitu alichonacho dukani.

Kubandika filamu upya kunawezekana. Zipo karakana za televisheni zenye mashine ya kazi hiyo: inasafisha mshono, inaweka gundi mpya, inalinganisha njia nyembamba kuliko unywele, kisha inagandamiza kwa joto. Nilitajiwa 120,000 bila dhamana. Kwa televisheni ya inchi 55, ambayo kioo chake ndicho karibu thamani yake yote, hiyo bei ina maana. Kwa monita niliyoinunua 150,000 haina. Kuna na wale wanaopitisha pasi, kikaushio cha nywele, au kusukumia kipande cha raba chini ya fremu ili kibonyeze filamu. Raba inaweza kukupa wiki, pengine mwezi. Haiponyi, na mwenye kuuza monita yenye raba ndani hatakuambia.

Njia iliyonivutia zaidi ilikuwa kubadilisha kioo. Fundi mmoja alikuwa na monita iliyoungua bodi lakini kioo kizima, akakitaka 70,000, na 30,000 ya kufunga. Laki moja. Monita nyingine ya mtumba ya ukubwa huohuo ilikuwa 140,000. Kwa haraka unaona umeokoa elfu arobaini.

Lakini kioo kina msimbo wake mgongoni, herufi na tarakimu ambazo mara nyingi ndani yake utaona 215, yaani inchi 21.5, na kiambishi cha mwisho. Monita mbili za jina moja na modeli moja zinaweza kuwa na vioo vya viwanda tofauti, na soketi, umeme wa taa au mpangilio wa njia usilingane. Nilimwomba fundi anisomee msimbo kwa simu kabla sijapanda daladala. Haukulingana. Angeweza kukilazimisha kwa kubadilisha na bodi, na hapo laki moja ingepanda juu ya bei ya monita kamili.

Hata ungelingana, kuna hesabu ambayo sikuiona mwanzoni. Monita yangu mbovu haikuwa takataka. Bodi yake nzima, adapta nzima, taa za nyuma nzima, stendi nzima. Fundi yuleyule alisema angeinunua kwa vipuri 30,000. Ukitengeneza, hiyo 30,000 huipati. Kwa hiyo kununua mtumba nyingine ni 140,000 toa 30,000, yaani 110,000, dhidi ya 100,000 za kioo cha zamani nisichojua kimewaka saa ngapi, kisicho na dhamana yoyote. Tofauti ni elfu kumi, nauli na soda.

Mpya niliyopewa bei ilikuwa 330,000 na dhamana ya miaka mitatu kwa maandishi. Toa ileile 30,000 ya vipuri, kisha igawanye: laki moja kwa mwaka uliohakikishiwa. Hiyo ni 100,000 kila mwaka, na kwa mtumba ninalipa 110,000 mara moja nikiomba Mungu idumu. Ikidumu mwaka mmoja tu nimekaribia kulingana na mpya. Ikidumu miwili nimepata faida. Mwenye duka linalofanya kazi saa nane kila siku na asiyeweza kufunga hata siku moja, mimi ningemshauri mpya. Mpya pia hutumia umeme mdogo kuliko zile mtumba nzee zenye taa za mirija: tofauti ya wati 20 kwa saa nane, siku 26, ni uniti 4 na kidogo kwa mwezi. Haitoshi kukushawishi peke yake. Na kama yako ingali na dhamana, usiifungue hata skrubu moja. Mikanda yenye mpaka wa rula ndiyo hasa aina ya ubovu ambao dhamana huwa imeandikiwa.

Nilichagua mtumba, nikajua pia kwa nini ile ya kwanza ilinipata. Nilipoinunua ilikuwa imewashwa tangu asubuhi, kwenye rafu, kioo cha moto. Safari hii nilikwenda na laptopu na waya wangu, nikaomba iliyozimwa, iliyo baridi ukiigusa mgongo. Nikaiwasha, nikafungua picha ya kijivu tupu inayojaza kioo kizima, kwa sababu mikanda hafifu hujificha kwenye picha ya mandhari yenye rangi nyingi ambayo wauzaji hupenda kuiweka. Nikabonyeza fremu taratibu pande zote nne, nikaishika pembe mbili na kuipinda kidogo sana. Ya kwanza ilitoa mstari mmoja wa wima kila nilipogusa juu kulia. Muuzaji akasema, "Kaka, hiyo ukiiweka mezani huigusi tena." Nikaiacha. Ya pili ilikaa dakika ishirini bila kubadilika, nikalipa 140,000, na akaniandikia kwenye risiti siku saba za kurudisha baada ya kuvutana kidogo, alianza na "mali ikitoka hairudi."

Ile ya zamani nilimpelekea fundi Jumamosi. Akahesabu noti tatu za elfu kumi, akaifungua papo hapo, akatoa bodi, adapta na karatasi za taa, akavifunga kwenye mfuko. Kioo alinirudishia. "Hiki," akasema, "hata bure sikitaki."